Wastani Unaosogea na Mstari wa Mwelekeo katika Grafu za Dhahabu: Yanayosomeka na Yasiyotabirika

Nomino "mwelekeo" imetokana na kitenzi "elekea", nacho ni kitenzi kinachomtazamisha msikilizaji mbele. Anayeambiwa kwamba jahazi linaelekea Lamu hatarajii kuliona Vanga. Ndiyo sababu istilahi "mstari wa mwelekeo", inayotumiwa kwa mstari unaochorwa juu ya grafu ya bei, huzaa tafsiri potofu hata kabla ya mstari wenyewe kuchorwa. Msomaji hudhani kwamba ameonyeshwa bei inakokwenda, ilhali alichoonyeshwa ni ilikotoka. Makala haya yanafafanua zana mbili za wasomaji wa grafu, yaani wastani unaosogea na mstari wa mwelekeo, kwa kuzijaribu juu ya bei halisi za dhahabu. Kisha yanazirejesha bei hizo kwa mnunuzi wa Likoni, Kisauni au Changamwe, ambaye hanunui kwa dola.

Suala hili haliwahusu wachumi peke yao. Katika bara ya Mombasa, kama kwingineko katika mwambao, dhahabu ni pambo na ni akiba kwa wakati mmoja. Bangili na kidani alivyotunzwa mwanamke siku ya harusi yake ndivyo vinavyopelekwa kwa sonara karo inapokwama au mgonjwa anapolazwa. Mzazi mwenye binti wa kuozwa huanza kununua kidogo kidogo, miaka kadhaa kabla ya posa. Kwa mzazi huyo, swali la kama anunue mwezi huu au angoje ni swali la fedha nyingi. Karibu naye, aghalabu katika nyumba hiyo hiyo, yupo kijana mwenye simu ambaye hajawahi kuishika dhahabu yenyewe, lakini hutazama grafu iliyoandikwa XAUUSD kila usiku na kuwekea dau kupanda au kushuka kwake. XAU ni alama ya wakia moja ya dhahabu, na USD ni dola ya Marekani. Mzazi na kijana wanaisoma bei ileile, ila mmoja anaisoma kwa hesabu ya sonara na mwingine kwa mistari.

Wastani unavyohesabiwa na unavyochelewa

Wastani unaosogea ni hesabu nyepesi. Huchukuliwa bei za vipindi kadhaa vya mwisho, zikajumlishwa, zikagawanywa kwa idadi yake. Kipindi kipya kinapoingia, kile cha zamani kabisa hutolewa, na hesabu hufanywa upya. Wafanyabiashara hupenda wastani wa siku 50 na wa siku 200. Hapa utatumika wastani wa miaka 3, kwa sababu hesabu yake inaweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi, na tabia yake ni ileile.

Bei ya wastani ya wakia moja katika soko la London, kwa dola zilizokaribishwa, ilikuwa 972 mwaka 2009, 1,225 mwaka 2010, 1,571 mwaka 2011 na 1,669 mwaka 2012. Kisha ilishuka hadi 1,411 mwaka 2013, 1,266 mwaka 2014 na 1,160 mwaka 2015. Baadaye ilitulia: 1,251 mwaka 2016, 1,257 mwaka 2017 na 1,268 mwaka 2018.

Wastani wa miaka 3 unaoishia mwaka 2012 ni jumla ya 1,225, 1,571 na 1,669 ikigawanywa kwa 3, yaani 1,488. Unaoishia mwaka 2013 huiacha 1,225 na kuipokea 1,411, nao unakuwa 1,550. Hapa msomaji atue kidogo. Mwaka 2013 bei ilianguka kwa dola 258, lakini wastani ulipanda kwa dola 62. Anayeutazama mstari laini wa wastani peke yake angeapa kwamba dhahabu ilikuwa ingali inapanda. Wastani haukuanza kuteremka mpaka mwaka 2014, ulipofika 1,449, na ulifika chini kabisa mwaka 2017, ukiwa 1,223, ilhali bei ya mwaka yenyewe ilikuwa imefika chini kabisa miaka 2 kabla ya hapo.

Ucheleweshaji huu hautokani na kasoro ya mhesabu. Umo ndani ya hesabu yenyewe. Wastani wa miaka 3 kwa hakika unauzungumzia mwaka wa katikati ya hiyo mitatu, kwa hiyo uko nyuma kwa mwaka mmoja. Vivyo hivyo, wastani wa siku 200 uko nyuma kwa takriban siku 100 za soko, ambazo ni karibu miezi 5. Zipo aina za wastani zinazozipa bei za karibuni uzito mkubwa zaidi kuliko za zamani, nazo hupunguza ucheleweshaji. Hata hivyo, kila kinachopunguzwa katika ucheleweshaji hulipwa kwa utulivu: wastani mwepesi hugeuka kila bei inapotikisika, na mara nyingi hugeuka bure.

Jambo la pili halitajwi sana, nalo ni la ajabu zaidi. Wastani husogezwa na namba inayotoka sawasawa na unavyosogezwa na namba inayoingia. Mwaka 2017 bei ilipanda kwa dola 6, lakini wastani ulishuka kutoka 1,226 hadi 1,223, kwa sababu 1,266 ya mwaka 2014 ilitoka na 1,257 ikaingia. Mwaka 2018 bei ilipanda kwa dola 11 tu, lakini wastani uliruka kwa 36, kwa kuwa 1,160 ya mwaka 2015, namba ndogo kuliko zote, ilikuwa imeondoka kundini. Mtu aliyeona mstari ukikunja kwenda juu mwaka huo na kusema kwamba soko limepata nguvu mpya alikuwa akisoma habari za mwaka 2015 bila kujua.

Kwa lugha ya sarufi, wastani unaosogea ni sentensi yenye kiambishi "-li-". Hauna "-ta-" popote. Unasema bei ilikuwa ngapi kwa jumla katika kipindi fulani, na kwa kuulinganisha na bei ya leo, msomaji anajua kama leo ni ghali au rahisi kuliko mazoea ya kipindi hicho. Hilo si jambo dogo. Mwaka 2013 bei ilipita chini ya wastani wake wa miaka 3, na haikurudi juu yake mpaka mwaka 2016. Aliyeifuata ishara hiyo hakuuza kileleni wala hakununua shimoni, ila aliepuka sehemu kubwa ya mteremko. Zana hii hufaa pale ambapo safari ni ndefu na ya upande mmoja.

Bei inapokwenda na kurudi, zana hiyohiyo humchosha mwenye kuitumia. Ukizitazama namba za mwaka 2016 na 2017, yaani 1,251 na 1,257, utadhani dhahabu ilikuwa imelala usingizi. La hasha. Mwezi Julai 2016 bei ilipita dola 1,360, na mwezi Desemba wa mwaka huohuo ilikuwa imeteremka hadi karibu 1,130. Wastani umeufuta mtikisiko wote huo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2021 na 2022, ambao wastani wake ulikuwa 1,799 na 1,800. Dola moja tu inaitenganisha miaka hiyo miwili, lakini mwezi Machi 2022 bei ilipita 2,000, na kufikia vuli ya mwaka huo ilikuwa chini ya 1,650. Mwenye kuuza bangili mwezi Machi na mwenye kuuza mwezi Oktoba hawakuuza kwa "wastani". Kila mmoja aliuza kwa bei ya siku yake.

Mstari na mkono uuchorao

Mstari wa mwelekeo hauhesabiwi namna hiyo. Huchorwa. Mchoraji hutafuta nukta mbili au zaidi za chini ambazo bei iliziguse kisha ikapanda, akaziunganisha kwa rula, na kuurefusha mstari kuelekea kulia, mahali ambapo bado hapana bei. Bei ikiwa juu ya mstari, husemwa kwamba mwelekeo ungalipo. Ikiukata kwenda chini, husemwa kwamba mwelekeo umevunjika. Tatizo liko katika ule urefu wa mkono wa kulia.

Chukua bei ya wastani ya mwaka 2005, iliyokuwa dola 444, na ya mwaka 2011, iliyokuwa 1,571. Kati yake kuna miaka 6 na ongezeko la dola 1,127, yaani karibu dola 188 kwa mwaka. Ukiurefusha mstari huo kwa miaka 4, unafika 2,323 mwaka 2015. Bei halisi ya mwaka huo, kama ilivyotajwa, ilikuwa 1,160, takriban nusu kamili ya kile kilichoahidiwa na rula.

Sasa mchoraji mwingine aje na grafu ya aina ya pili, ambayo hupima upandaji kwa asilimia badala ya dola. Nukta ni zilezile mbili. Kutoka 444 hadi 1,571 kwa miaka 6 ni ongezeko la takriban asilimia 23.4 kila mwaka. Mstari huo, ukirefushwa hadi mwaka 2015, unafika karibu dola 3,640. Mchoraji wa tatu aanze mwaka 2001, bei ilipokuwa 271, kwa grafu ya kawaida ya dola. Mstari wake unapanda kwa dola 130 kwa mwaka na kufika 2,091. Watu watatu, soko moja, rula tatu, na majibu matatu yanayotofautiana kwa zaidi ya dola 1,500. Hakuna hata mmoja aliyekosea hesabu. Kilichotofautiana ni uchaguzi wa mahali pa kuanzia na wa kipimo, na uchaguzi huo haukutoka sokoni. Ulitoka kwa mchoraji.

Yupo atakayejibu kwamba dhahabu hatimaye iliipita 2,323, kwani bei ya wastani ya mwaka 2024 ilikuwa 2,386. Jibu hilo ni la kweli na halisaidii kitu. Utabiri uliotimia kwa kuchelewa miaka 9 haumfai mtu aliyekuwa na harusi mwaka 2015.

Hapana haja ya dhahabu ili kuyaona haya. Mwanafunzi yeyote anaweza kurusha sarafu mara 200, akaongeza moja kila inapoangukia kichwa na kupunguza moja kila inapoangukia upande wa pili, kisha akachora matokeo yake. Grafu itakayopatikana mara nyingi itakuwa na vilima, mabonde na miteremko mirefu ambayo mstari wa mwelekeo utaikalia vizuri kabisa. Lakini mrusho wa 201 hauijui grafu. Jaribio hili halithibitishi kwamba bei ya dhahabu ni sarafu inayorushwa. Linathibitisha kwamba kuonekana kwa mwelekeo kwenye karatasi si ushahidi kwamba kuna kitu kinachousukuma.

Sakafu iliyoporomoka mwaka 2013

Zingatia tukio moja ambalo wasomaji wa grafu wamelijadili sana. Baada ya kilele cha mwaka 2011, bei ya dhahabu ilishuka mara tatu hadi karibu na dola 1,530 na kuinuka tena: mwezi Septemba 2011, Desemba 2011 na Mei 2012. Mstari uliounganisha nukta hizo ulikuwa karibu mlalo kamili, na wafanyabiashara waliuita sakafu. Kila mara sakafu iliposhika, imani juu yake iliongezeka.

Mnamo Ijumaa tarehe 12 Aprili 2013 bei iliikata sakafu hiyo, na Jumatatu tarehe 15 ikaendelea kuanguka. Kwa siku mbili za soko, wakia moja ilipoteza zaidi ya dola 200, takriban asilimia 13, hata ikawa chini ya dola 1,400. Sakafu ilikuwa na kazi katika anguko hilo, lakini si ile iliyotarajiwa. Kwa kuwa watu wengi waliujua mstari huo, wengi walikuwa wameacha maagizo ya kuuza chini yake kidogo, ili wajiokoe iwapo ungevunjika. Ulipovunjika, maagizo hayo yalitekelezwa kwa pamoja, kila uuzaji ukisukuma bei hadi kwenye agizo lililofuata. Mstari haukutabiri anguko. Uliwakusanya wauzaji mahali pamoja.

Je, wastani ulionya? Kabla ya Aprili 2013 bei ilikuwa tayari chini ya wastani wake wa siku 200, na mtetezi wa zana hii ana haki ya kulitaja jambo hilo. Ila haki hiyo ina sharti. Mwezi Mei 2012 bei ilikuwa pia chini ya wastani wa siku 200, tena kwa umbali mkubwa, na kilichofuata kilikuwa kupanda hadi karibu 1,790 mwezi Oktoba. Ishara ileile ilifuatwa na kupanda mara moja na kuporomoka mara nyingine. Kwa hiyo anayetaka kuipima ishara hana budi kuzihesabu mara zote ilizotokea, pamoja na zile ilipodanganya, badala ya kukumbuka ile moja iliyopendeza kusimuliwa. Mabango yanayouza mafunzo ya grafu huonyesha Aprili 2013. Mei 2012 haionekani humo.

Kwa nini jedwali la maji hutabiri

Mkazi wa Likoni anaweza kuuliza swali la haki. Maji ya Kilindini nayo hupanda na kushuka, na yakichorwa hutoa mawimbi yanayofanana na ya grafu ya bei. Mbona majedwali ya kupwa na kujaa huandaliwa kabla mwaka haujaanza, yakaeleza saa na kina cha maji, na mabaharia na wavuvi wakayategemea?

Jibu ni kwamba jedwali la maji halikutengenezwa kwa kurefusha mstari. Limetengenezwa kwa kujua kinachoyavuta maji. Mwezi na jua vina njia zinazojulikana. Vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huja bamvua. Vinapovuta kwa pembe, huja maji mafu. Tena mwezi hausomi jedwali. Hata wakazi wote wa pwani wakijua kwamba maji yatajaa saa kumi alasiri, ujuzi wao hautayafanya yajae saa tisa.

Bei ya dhahabu inakosa mambo haya mawili. Kwanza, visukumavyo vyake ni vingi na havina njia ya kudumu: riba za Marekani, thamani ya dola, ununuzi wa benki kuu za mataifa, vita na hofu ya vita. Mistari ya grafu haina hata kimoja kati ya hivi ndani yake. Ina bei peke yake. Pili, soko huisoma grafu yake lenyewe. Iwapo wengi wataamini kwamba bei itapanda Jumatatu, watanunua Ijumaa, na upandaji wa Jumatatu utakuwa umekwisha kutokea. Kwa sababu hiyo, neno "utabiri" linafaa kwa jedwali la maji lakini si kwa mstari wa rula. Kwa huo wa pili, "makisio" yanatosha, na hata hayo yataje upana wake.

Kuwa sahihi na bado kupoteza

Kijana wa simu hukutana na tatizo jingine, ambalo halimo katika mstari bali katika mkopo. Majukwaa ya biashara hizi humruhusu kushika kiasi kikubwa kuliko fedha zake. Kiasi hicho hupimwa kwa loti, na loti moja kamili ya XAUUSD kwa kawaida ni wakia 100. Kijana akichagua 0.02, anashika wakia 2. Tuseme wakia moja ni dola 4,000 na amana yake ni dola 100. Ameshika dhahabu ya dola 8,000, yaani mara 80 ya amana yake. Bei ikienda kinyume chake kwa dola 50, ambayo ni asilimia 1.25 tu, amana yote imekwisha. Kwa hakika dalali huifunga biashara hiyo kabla haijafika hapo.

Mwaka 2025 bei ilipanda sana. Ilipita dola 3,000 mwezi Machi na dola 4,000 mwezi Oktoba, na karibu kila mstari uliochorwa ulielekea juu. Lakini tarehe 21 Oktoba 2025, kwa siku moja, bei ilianguka kwa zaidi ya asilimia 5, yaani zaidi ya dola 200. Aliyenunua siku iliyotangulia kwa mkopo wa mara 80 alipoteza kila kitu mara nne. Kwamba mwelekeo wa mwaka ulikuwa wa kupanda hakukumsaidia, kwani hakuwa tena sokoni kuufaidi. Mama yake mwenye bangili sandukuni alipita katika siku hiyohiyo bila hata kujua, kwa sababu bangili haifungwi na dalali.

Grafu ya dola na mnunuzi wa shilingi

Hata hivyo mama naye ana grafu yake, na si ile ya kwenye simu. Sonara wa Mombasa hukadiria bei ya gramu kwa shilingi, na bei hiyo ni zao la vitu viwili: bei ya wakia kwa dola, na thamani ya dola kwa shilingi. Wakia moja ni gramu 31.1. Anayesoma grafu ya dola peke yake anasoma nusu ya bei yake.

Mwanzo wa mwaka 2024 ulilidhihirisha hili bayana. Mwishoni mwa Januari 2024 wakia moja ilikuwa karibu dola 2,050, na dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Zidisha, utapata shilingi 328,000 kwa wakia. Gawanya kwa 31.1, utapata takriban shilingi 10,550 kwa gramu ya dhahabu safi. Mwezi Februari serikali ya Kenya iliuza hati mpya za mkopo wa nje zenye thamani ya dola bilioni 1.5, ikanunua sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililotarajiwa kulipwa mwezi Juni. Hofu kwamba deni hilo lisingelipwa ilipungua, na shilingi ikapata nguvu kwa kasi. Mwishoni mwa Machi dola moja ilikuwa karibu shilingi 132. Wakati huohuo dhahabu ilikuwa imepanda hadi karibu dola 2,210. Zidisha tena: shilingi 291,720 kwa wakia, yaani takriban 9,380 kwa gramu.

Katika miezi hiyo miwili, basi, dhahabu ilipanda kwa karibu asilimia 8 kwa dola, na ikashuka kwa karibu asilimia 11 kwa shilingi. Wastani wa muda mrefu uliohesabiwa kwa dola ulikuwa ukipanda. Kijana wa Kisauni aliyemwambia mama yake anunue upesi mwishoni mwa Januari, kwa sababu grafu inaelekea juu, aliisoma grafu vizuri na akampa mama ushauri wa hasara. Kwa bangili za gramu 40 za karati 22, ambazo ni sehemu 22 kati ya 24 za dhahabu safi, tofauti ya miezi hiyo miwili ni karibu shilingi 43,000, kabla ya ujira wa fundi. Wala hapakuwa na mstari wowote kwenye XAUUSD ambao ungemwonya, maana kisa chenyewe hakikuwa katika dhahabu. Kilikuwa katika deni la taifa.

Mzazi anayetaka wastani wenye manufaa kwake anaweza kujihesabia mwenyewe. Aandike kila Ijumaa bei ya gramu ya karati 22 kwa shilingi, kwa sonara yuleyule. Baada ya majuma 10 ajumlishe na kugawanya kwa 10, na kila juma aitoe ya zamani kabisa na kuiingiza mpya. Bei ya leo ikiwa juu mno ya wastani huo, atajua kwamba ananunua ghali kuliko majuma yaliyopita. Hatajua kama juma lijalo itakuwa ghali zaidi. Mwenye miaka 3 kabla ya harusi anaweza kuutumia ujuzi huo kwa kununua gramu chache chache kila robo mwaka, ili bei atakayolipa kwa jumla iwe karibu na wastani wa kipindi chote badala ya kuwa bei ya siku moja mbaya.

Safu ya pili ya daftari hilo iwe ya bei ambayo sonara huyohuyo angeinunulia bangili kuukuu siku hiyo. Huwa ni ndogo kuliko ya kuuzia, na ujira wa ufundi haurudi. Tuseme bangili ilinunuliwa kwa shilingi 10,000 kwa gramu pamoja na ujira, na siku hiyohiyo sonara yuko tayari kuinunua kwa 8,500. Bei ya kununulia lazima ipande kwa karibu asilimia 18 kabla mwenye bangili hajarudisha fedha zake, na pengo hilo haliwezi kuonekana kwenye grafu yoyote ya simu, kwa sababu hakuna atangazaye ila sonara mwenyewe, na hutangaza kwa aliyemuuliza.